Kompa-resho na pengo la mishahara: inaonyesha nini, inaficha nini

Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 1, 2026 ilipandisha wastani wa kima hicho kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Huo ni wastani wa sekta zote, na kila sekta ina kiwango chake, jambo ambalo husahaulika mitaani. Hata hivyo, kila amri ya namna hii huacha mkanganyiko uleule ndani ya kampuni: sakafu hupanda, walio juu yake hubaki walipo, na karani wa ghala mwenye miaka 6 kazini hujikuta analingana na aliyeajiriwa juzi. Hapo ndipo maswali huanza. Nani analipwa nini, kwa sababu gani, na je, tofauti iliyopo ni ya haki?

Mahali kama Bukoba na Muleba, ambako kampuni ya watu 100 au 150 ni mwajiri mkubwa na wafanyakazi wanajuana hadi ukoo, swali hilo halikai ofisini muda mrefu. Ofisa utumishi akiulizwa, siku hizi huja na jibu la namba moja: kompa-resho. Namba hiyo ina kazi yake. Lakini imeanza kutumiwa kama cheti cha kumaliza mjadala, na hapo inabebeshwa mzigo usio wake.

Vipimo viwili

Kampuni yenye mpangilio wa mishahara huzigawa kazi zake katika madaraja. Kila daraja huwa na kiwango cha chini, cha kati na cha juu. Kompa-resho ni mshahara wa mtu ukigawanywa kwa kiwango cha kati cha daraja lake, kisha ukizidishwa kwa 100. Aliye kwenye kiwango cha kati ana 100. Mwenye 90 yuko asilimia 10 chini yake.

Kipimo cha pili kinaangalia mtu amefika wapi katika upana wa daraja: mshahara wake, ukitoa kiwango cha chini, ugawanywe kwa tofauti kati ya kiwango cha juu na cha chini. Aliye chini kabisa ana 0, aliye juu kabisa ana 100.

Vipimo hivi hutokana na takwimu zilezile, ila vinasikika tofauti. Tuchukue daraja linaloanzia 600,000, lenye kati ya 750,000 na mwisho wa 900,000. Mwenye 675,000 ana kompa-resho ya 90, na mwenzake wa 750,000 ana 100. Pointi 10 hazishtui mtu. Kwa kipimo cha pili, wa kwanza amevuka robo tu ya daraja na wa pili amefika nusu. Kama nyongeza ya mwaka ni asilimia 3, aliyeanzia chini kabisa anahitaji nyongeza 8 hivi kufika katikati. Kwa hiyo pointi 10 za kompa-resho ni miaka ya maisha ya mtu, na msomaji wa ripoti asiyejua upana wa daraja hataliona hilo.

Madai matatu

Katika mabishano ya mishahara, pande tatu huzungumza kana kwamba zinajibu swali moja.

Wa kwanza hulinganisha wastani: jumlisha mishahara ya wanawake wote, gawanya kwa idadi yao, fanya hivyo kwa wanaume, toa. Nguvu ya njia hii ni uwazi wake, kwa kuwa hakuna pa kujificha. Udhaifu wake ni kuchanganya mambo mawili: wanawake kulipwa kidogo kwa kazi ileile, na wanawake kuwa wengi katika kazi za chini. Yote mawili yanaweza kuwa dhuluma, lakini dawa zake ni tofauti.

Wa pili ni utawala, ambao husema kila mtu yuko ndani ya daraja lake, kwa hiyo hakuna tatizo. Hoja hii ina ukweli mdogo. Kuwa ndani ya daraja kunathibitisha kwamba kampuni haikuvunja kanuni yake yenyewe. Daraja la kutoka 600,000 hadi 900,000 linaruhusu watu wawili wa kazi moja kutofautiana kwa nusu ya mshahara wa aliye chini, na bado wote waitwe wako sawa.

Wa tatu husema mshahara ni makubaliano: aliyejua kujadili alipata, asiyejua akakosa. Ni kweli kwamba tofauti nyingi huzaliwa siku ya kuajiriwa. Ila kueleza pengo lilikotoka hakulifanyi kuwa la haki. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Kujua kujadili hakubadilishi thamani ya kazi yenyewe.

Daraja la 4

Tuijaribu hesabu kwa kampuni ya kubuni, ambayo namba zake zimechaguliwa ili hesabu ifuatike. Ina ofisi kuu na kiwanda cha kukoboa kahawa Bukoba, na maghala ya kukusanyia kahawa wilayani Muleba. Daraja lake la 4, lenye viwango vile vya 600,000, 750,000 na 900,000, lina wasimamizi wa maghala, wahasibu wasaidizi na waendesha mitambo ya kukoboa. Wako 11.

Wanaume 6 wanapata 840,000, 810,000, 780,000, 750,000, 720,000 na 690,000. Wastani wao ni 765,000, yaani kompa-resho ya 102. Wanawake 5 wanapata 750,000, 690,000, 675,000, 660,000 na 630,000. Wastani ni 681,000, kompa-resho karibu 91. Pengo ni shilingi 84,000 kwa mwezi, sawa na asilimia 11 ya wastani wa wanaume.

Kwa watu 11, mtu mmoja anaweza kulipindua jibu lote. Njia za kitakwimu zinazotumiwa na kampuni zenye maelfu ya wafanyakazi hazina msingi hapa, na anayeziweka kwenye ripoti ya kampuni ya ukubwa huu anatafuta heshima tu. Kuna jaribio rahisi zaidi: mwondoe aliye juu kabisa, uhesabu tena. Bila yule wa 840,000, wastani wa wanaume unashuka hadi 750,000 na pengo linabaki 69,000. Limepungua, halijatoweka. Mtu wa katikati kwa kila upande anatoa picha hiyohiyo, 765,000 kwa wanaume na 675,000 kwa wanawake. Sasa kuna jambo la kuuliza.

Ni la kuuliza tu. Kompa-resho imetuonyesha pa kuchimba, na haijasema lolote kuhusu haki.

Kuzipima sababu

Sababu za halali za kutofautiana ndani ya daraja zipo: miaka katika daraja, utendaji uliopimwa na kuandikwa, ujuzi ambao kazi inauhitaji kweli. Tuseme wanaume wawili wa juu, wa 840,000 na 810,000, wana miaka zaidi ya 10 katika daraja hili. Hilo linajitosheleza. Tuwaweke kando.

Kazi ngumu iko katikati ya orodha. Msimamizi wa ghala la Muleba, mwanamke mwenye miaka 5 katika daraja, anapata 675,000. Msimamizi wa ghala la Bukoba, mwanamume mwenye miaka 4, anapata 750,000. Tani wanazosimamia zinakaribiana, vitabu ni vilevile, na kahawa ikipungua kwenye mizani wote wawili hujibu. Utawala unasema maisha ya Bukoba mjini ni ghali kuliko ya Muleba.

Sababu hupimwa kwa kuuliza kama imewagusa wote inaowahusu. Katika kampuni yetu kuna msimamizi mwingine Muleba, ghala la Kamachumu, mwanamume mwenye miaka 5. Anapata 720,000. Basi tofauti ya Bukoba na Muleba, hata tukiikubali yote, inaeleza shilingi 30,000. Zilizobaki, 45,000, ziko kati ya watu wawili wa wilaya moja, kazi moja na miaka ileile.

Utawala unatoa sababu ya pili: mwanamume wa Bukoba aliajiriwa kutoka nje akiwa na mshahara wake, na mwanamke alipandishwa kutoka ndani. Hii nayo ipimwe vivyo hivyo. Wanaume waliopandishwa kutoka ndani walianza na shilingi ngapi? Katika orodha yupo mmoja, yule wa 690,000, aliyepandishwa miaka 3 iliyopita. Yeye alianza na 650,000, na mwanamke alianza na 600,000. Sababu ya pili imeeleza sehemu, kisha imekwama.

Asilimia 10 ya kupandishwa cheo

Hapa ndipo faili za watumishi zinapaswa kufunguliwa, kwa sababu tofauti hiyo ya 50,000 haina mkono wa mtu anayeonekana kubagua. Kanuni ya kampuni ni moja kwa wote: anayepandishwa daraja anaongezwa asilimia 10 ya mshahara wake wa zamani, au anafikishwa kwenye kiwango cha chini cha daraja jipya, ipi iliyo kubwa. Mwanamke alikuwa na 545,000 katika daraja la 3. Asilimia 10 ikampa 599,500, akasogezwa hadi 600,000. Mwanamume alikuwa na 590,000, akapata 649,000, ikakamilishwa kuwa 650,000.

Kanuni haikumbagua yeyote. Ilichofanya ni kuchukua tofauti ya daraja la 3 na kuipandisha nayo cheo. Iwapo tofauti ile ya awali haikuwa na sababu, haitapata sababu kwa kuhamishwa. Nyongeza ya mwaka ya asilimia 3 inaendeleza kazi hiyo, kwa kuwa asilimia moja kwa watu wasiolingana humpa shilingi nyingi aliye juu. Msimamizi wa Bukoba aliingia na karibu 686,000, yaani 86,000 juu ya mwanzo wa mwanamke wa Muleba. Akifikisha miaka 5 atakuwa na 772,500, wakati mwenzake kwa miaka hiyohiyo ana 675,000. Pengo la siku ya kwanza limefika 97,500, na hakuna kikao kilichokaa kuliongeza.

Ndiyo maana ripoti inayoishia kwenye wastani wa kompa-resho ni nusu ya kazi. Safu inayotakiwa kuongezwa kwenye jedwali ni ya mshahara wa kuanzia katika daraja na njia mtu aliyoingilia. Penye safu hiyo, mapengo mengi ya kampuni za kati hueleweka ndani ya mchana mmoja.

Kisichoonekana ndani ya daraja

Kuna kosa kubwa zaidi ambalo kompa-resho haiwezi kulikamata kabisa, kwa sababu hupima ndani ya mipaka ambayo kampuni yenyewe imeichora.

Turudi kwenye daraja la 3 la kampuni yetu, lenye kiwango cha kati cha 560,000. Humo wamo wapima ubora wa kahawa, wote wanawake. Wastani wao ni 580,000, kompa-resho karibu 104. Kwenye ripoti ndio kundi linaloonekana kutendewa vizuri kuliko wanawake wote wa kampuni. Waendesha mitambo ya kukoboa, wote wanaume, wako daraja la 4. Nani ameamua kwamba kuendesha mtambo ni daraja moja juu ya kupima unyevu, kuhesabu punje mbovu na kuamua shehena iingie au irudi? Kosa la mpima ubora linaweza kuiharibia kampuni mzigo mzima wa robusta. Wapima hao wakihamishiwa daraja la 4 bila kuongezwa senti, kompa-resho yao inaporomoka hadi 77, chini hata ya mwanzo wa daraja. Watu ni walewale, mshahara uleule. Kilichobadilika ni kisanduku walichowekwa.

Historia ina mfano unaojulikana wa jambo hili. Mwaka 1968 wanawake walioshona viti vya magari katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, Uingereza, waligoma baada ya kazi yao kuwekwa daraja B, la ujuzi mdogo, badala ya C. Mgomo uliwapandisha hadi asilimia 92 ya ujira wa wanaume wa daraja B, na ulichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Ujira Sawa ya 1970. Daraja C, ambalo ndilo lilikuwa dai lao, walilipata mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine. Ndani ya daraja B hesabu ingeweza kusawazishwa kabisa, na dhuluma ikabaki palepale.

Kwa hiyo upimaji wa kazi wenyewe unatakiwa utangulie: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi, kila kimoja kikipewa alama kabla ya kuangalia nani anaifanya. Ni kazi ya kuchosha na ina ubishi, kwa kuwa alama hutolewa na watu, na watu huzoea kuona nguvu za mikono kuliko umakini wa macho. Lakini bila hiyo, sheria inapotaja kazi yenye thamani sawa, kampuni haina cha kuonyesha zaidi ya majina ya vyeo.

Posho nazo hazionekani. Kompa-resho hutumia mshahara wa msingi, na msimu wa kahawa ukifika, anayetumwa vijijini kwenye vyama vya ushirika hurudi na posho za siku kadhaa. Ikiwa wanaotumwa ni walewale kila msimu, pengo halisi la mfukoni ni kubwa kuliko la jedwali. Swali hapo si kiwango cha posho, ni nani anayepangwa safari.

Kiwango cha kati kimetoka wapi

Namba yote inasimama juu ya kiwango cha kati, na kampuni nyingi za mkoani hukiokota. Kikitoka kwenye takwimu za mishahara za Dar es Salaam, karibu kila mtu Bukoba ataonekana yuko 80 na kitu, na malalamiko ya kweli yatazama ndani ya hayo ya jumla. Kikipatikana kwa kuuliza waajiri wa jirani tu, kinaiga mazoea ya hapo hapo. Kama kazi fulani mkoani hulipwa kidogo kwa sababu imezoeleka kufanywa na wanawake, kiwango cha kati kitabeba mazoea hayo kwa jina la soko.

Busara ni kuzitenganisha kazi. Mhasibu mwenye CPA anaweza kuhamia Mwanza au Dar es Salaam kesho, kwa hiyo soko lake ni la nchi. Karani wa mizani wa Muleba soko lake ni la wilaya. Na kima cha chini cha kisheria kikipanda, kiwango cha kati cha madaraja ya chini kihesabiwe upya. Kampuni iliyosogeza sakafu peke yake imebana daraja: mpya na mzoefu wote wana kompa-resho moja, na ripoti inauita usawa kile ambacho yule mzoefu anakiona ni kusahauliwa.

Gharama, siri na sheria

Wanasheria wengine huwashauri waajiri wasifanye uchambuzi huu kwa maandishi, kwa hofu ya ushahidi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Kifungu kilekile cha 7 kinasema mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukuwapo, na jedwali linaloonyesha pengo lisilo na maelezo ni dalili nzuri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila ushauri huo una tundu: mwajiri asiye na jedwali hana pia cha kuthibitishia. Hatari iko kwa aliyechambua, akaona, akaweka kabatini.

Kuhusu uwazi, pande zote zina hoja. Wafanyakazi wasiojua mipaka ya daraja lao hawawezi kuuliza swali la maana. Upande mwingine, daraja la 4 lina wanawake 5, na wastani wao ukibandikwa ubaoni Muleba, kabla ya jioni watu watakuwa wamekisia mshahara wa kila mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu mwajiri pia. Mizani yangu inalalia kwenye kutangaza viwango vya kila daraja na kanuni za kuanzia na kupandishwa, kumpa kila mtu kompa-resho yake mwenyewe, na kuacha orodha ya majina mikononi mwa watu wachache, akiwamo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyefungwa na kiapo cha siri.

Kurekebisha kunafanyika kwa kupandisha, kwa kuwa kupunguza mshahara wa aliye juu bila makubaliano ni kuvunja mkataba. Tuseme uchambuzi wa daraja la 4 umekuta wanawake 3 wenye pengo lisilo na sababu: 45,000, 40,000 na 60,000. Jumla ni 145,000 kwa mwezi, 1,740,000 kwa mwaka, na ukiongeza mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwa NSSF inakuwa 1,914,000. Kwa kampuni inayolipa watu 120, hilo linabebeka katika mwaka mmoja. Wapima ubora ni suala jingine. Kuwafikisha tu kwenye 600,000, mwanzo wa daraja la 4, ni wastani wa shilingi 20,000 kwa kila mmoja kwa mwezi, lakini wenye miaka mingi hawatakubali kuanzishwa mwanzo, na wana hoja. Hapo mpango wa miaka 2 au 3, wenye tarehe zilizoandikwa, ni wa kweli kuliko ahadi ya mara moja.

Kabla ya malipo hayo yote kuna badiliko lisilogharimu karibu chochote: kuifuta kanuni ya asilimia 10, na kuweka mahali pake mshahara wa kuanzia unaotokana na kazi mpya na uzoefu wa anayeingia, awe ametoka nje au ndani. Kanuni hiyo ikiachwa, wale 3 watarekebishwa mwaka huu, na mwakani atapandishwa mwingine kutoka daraja la 3 akiwa amebeba pengo lake lilelile.